Somo la dakika 90 likihamia Zoom: panga maswali kwanza, maelezo yafuate

*"Mimi ni afisa mikopo wa SACCOS ya walimu mkoani Morogoro. Nina somo la mikopo na riba ambalo ukumbini huchukua dakika 90, slaidi 42, na watu huuliza na kucheka. Juzi nimelitoa kwa Zoom kwa sababu wanachama wametawanyika Kilosa, Gairo, Ulanga na Malinyi. Waliingia watu 60. Kila nilipouliza 'kuna swali?' ikawa kimya. Mwishoni walibaki 23, na hao nao sijui kama walikuwa wananisikiliza. Nimeshauriwa nilikate vipande vifupi na kuweka maswali katikati. Nikate wapi, na niulize nini?"*

Ndugu Afisa, ushauri uliopewa ni sahihi ila umeishia njiani. Ukilichukua somo lile lile ukaligawa vipande tisa vya dakika kumi kumi, na kila mwisho wa kipande ukauliza "kuna swali?", utapata kimya mara tisa. Kazi inaanzia upande wa pili: andika kwanza yale utakayowauliza, halafu maelezo uyapange nyuma ya hayo maswali. Kipande kinaishia pale msikilizaji anapopaswa kuamua jambo au kupiga hesabu mwenyewe. Ukishaijua hiyo sehemu, urefu wa kipande unajipanga.

Nieleze kidogo kuhusu kile kimya, maana wengi hudhani ni uvivu wa wasikilizaji. Mwaka 2009 watafiti walipima maswali na majibu ya mazungumzo ya kawaida katika lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia. Kwa wastani, mtu alianza kujibu karibu sehemu ya tano ya sekunde baada ya mwenzake kunyamaza. Tunapokezana maneno kwa kasi hiyo bila kujijua. Sasa weka mtandao katikati. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji, na huo peke yake ni muda unaokaribia ile nafasi yote ya kupokezana. Mtandao ukiwa dhaifu ucheleweshaji unazidi hapo. Ndiyo maana kwenye Zoom watu wawili huanza kusema kwa pamoja, wote wakanyamaza, kila mmoja akamwambia mwenzake "endelea wewe." Mwalimu aliyeko Malinyi akiona hilo mara moja tu, hafungui tena maiki. Juu ya hayo, maiki yenyewe imefungwa, kitufe hakionekani mpaka aguse kioo, na wewe ukumbini ulizoea kusubiri kidogo tu kisha kuendelea. Mpaka akipate kitufe, umeshahamia slaidi nyingine.

Kwa hiyo swali la wazi kwa watu 60 halifai kwenye simu ya video, hata ukilirudia kwa upole. Swali linalofaa linamtaka kila mmoja atoe jibu fupi, kwa wakati mmoja na wenzake, bila kugombea nafasi ya kusema: kwa kura, kwa herufi moja au kwa tarakimu.

Utasikia pia kwamba usikivu wa binadamu hukatika baada ya dakika kumi au kumi na tano. Mimi silitegemei dai hilo. Waliopitia ushahidi wake hawakukuta msingi imara. Sababu yangu ya kutaka vipande vifupi ni nyingine, na wewe uliye na wanachama Ulanga utaielewa haraka: mtandao hukatika, simu huingia katikati ya somo, bando huisha. Mtu aliyepotea dakika tatu katika maelezo ya dakika 25 akirudi hajui mnazungumza nini, naye huondoka kimyakimya. Sehemu kubwa ya wale 37 uliowapoteza huenda waliondoka hivyo. Kipande kikiwa cha dakika saba au nane, kikianza na sentensi inayojitegemea, aliyekatika anasubiri kidogo tu na kuingia mwanzoni mwa kinachofuata. Basi jipimie hivi: je, aliyekosa kipande hiki chote anaweza kuelewa kinachofuata? Kama hawezi, umetenganisha jambo ambalo ni moja.

Tulichukue somo lako sasa. Nakisia lina sura ya masomo mengi ya aina hii: historia ya SACCOS na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, aina za mikopo mnayotoa, riba, udhamini, marejesho na adhabu ya kuchelewa, kisha maswali. Mbele ya kila sehemu andika jambo moja ambalo mwanachama anapaswa kuweza *kufanya* baada ya kuisikia. Kwenye historia na sheria hutapata cha kuandika. Kwenye aina za mikopo utaandika "achague mkopo unaomfaa," na hilo analifanya vizuri zaidi akiwa na karatasi mkononi kuliko akiwa na slaidi inayopita. Hizo mbili ziondoe kabisa. Ziweke kwenye kurasa mbili, uzitume kwenye kundi la WhatsApp siku mbili kabla. Zimebaki riba, udhamini na kuchelewa kulipa. Vipande vitatu, na ukijumlisha kura na maswali yao ni dakika 45. Usisikitike kwamba dakika 90 zimekuwa nusu, kwa sababu ukumbini sehemu kubwa ya muda ule ilikwenda kwa salamu, vicheko na kurudia jambo ulipoona nyuso zimekunjamana.

Nitakaa zaidi kwenye riba, kwa kuwa ndipo penye utata. Siku za ukumbini nadhani ulianza kwa kueleza njia mbili za kukokotoa, ukatoa mfano, ukamaliza kwa kuuliza kama wameelewa. Kwenye Zoom pindua. Dakika ya tatu, bila utangulizi wowote, waonyeshe slaidi moja yenye mikopo miwili, uisome kwa sauti. Mkopo A: shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi, inakokotolewa juu ya mkopo wa awali hadi mwisho. Mkopo B: kiasi hicho hicho, miezi hiyo hiyo, riba asilimia 1.5 kwa mwezi, inakokotolewa juu ya salio lililobaki. Katika yote miwili mkopaji anarejesha 100,000 ya mkopo kila mwezi na riba juu yake. Uliza: upi una riba ndogo kwa jumla? A, B, au ni sawa?

Nyamaza sasa. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi majibu huwa marefu na bora. Hayo yalikuwa darasani. Kwenye simu ya video mtu anasoma, anafikiri, anatafuta mahali pa kubonyeza, kwa hiyo mpe dakika nzima. Dakika moja ya kimya itakuuma wewe peke yako, wao wana kazi mkononi. Unachoweza kusema ni idadi tu: "nimepata majibu 30... 41..." Wasioamua husogea wakisikia wenzao wamejibu.

Walimu wengi watachagua A, kwa sababu asilimia 1 ni ndogo kuliko 1.5. Usiwaambie wamekosea, na matokeo ya kura usiyaonyeshe bado. Waambie wachukue kalamu, kila mtu akokotoe riba ya mwezi wa kwanza kwa mikopo yote miwili. A ni 12,000. B ni 18,000. Waliochagua A watafurahi. Kisha: "kokotoeni mwezi wa 12." A bado ni 12,000. B, salio likiwa 100,000, ni 1,500. Hapo piga kura mara ya pili, swali lile lile.

Mbinu hii ya kupiga kura, kufikiri, kisha kupiga tena imepata umaarufu kupitia Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kuitumia miaka ya 1990. Yeye huwaacha wanafunzi wajadiliane wao kwa wao kati ya kura mbili. Mimi kwako nimeweka hesabu mahali pa majadiliano, na sababu nitaitaja baadaye. Baada ya kura ya pili ndipo unapoeleza, dakika nne zinatosha. Riba ya B inaanza juu, mwezi wa tano zinakuwa sawa kwenye 12,000 kwa sababu salio ni 800,000, na kuanzia wa sita B iko chini hadi mwisho. Jumla ya A ni 144,000, ya B ni 117,000. Tofauti ni 27,000 kwa faida ya mkopo ulioonekana ghali. Maelezo haya haya, yangetangulia kura, yangekuwa tarakimu tu. Sasa kila mtu ana jibu lake analotaka kulitetea au kulirekebisha, na ndiyo maana anasikiliza. (Kama SACCOS yenu inatoza rejesho linalolingana kila mwezi, jumla ya B itapanda kidogo, kwenye 120,000 hivi. Tumia mfumo wenu halisi, vinginevyo mhasibu atakuumbua katikati ya somo.)

Kura ya kwanza pia inakuelekeza njia ya kupita. Wakipata sawa karibu wote, usieleze. Taja jumla mbili uendelee, umeokoa dakika sita. Waliopata wakiwa chini ya theluthi, hesabu waifanye pamoja nawe, wewe ukiandika kwenye kioo, kwa kuwa kuwaacha peke yao kutawafanya wakazie kosa. Kati ya hapo, wape kalamu kama nilivyoeleza. Andaa njia zote tatu kabla ya siku yenyewe, maana hutaweza kubuni huku unatafuta slaidi.

Kipande cha udhamini nakipendekezea swali la tarakimu. Mkopaji yule wa 1,200,000 amelipa miezi sita vizuri, kisha akaacha. Limebaki salio la 600,000. Akiba yake ni 300,000, wadhamini ni wawili. Kama masharti yenu yanasema akiba ya mkopaji inakatwa kwanza na kinachobaki kinagawanywa sawa, kila mdhamini atalipa ngapi? Jibu ni 150,000, ukiiweka riba kando. Hapa tumia sehemu ya ujumbe, ile iliyoandikwa Chat, lakini kwa utaratibu: kila mtu aandike jibu lake na *asitume* mpaka uhesabu tatu, mbili, moja. Usipofanya hivyo, wa kwanza kutuma atakuwa ndiye aliyewajibia wote, hasa kama ni mkuu wa shule. Njia nyingine ni kwenda kwenye mipangilio ya Zoom na kuruhusu ujumbe uende kwa Host and co-hosts pekee, majibu ukayaona wewe na msaidizi wako tu. Naipenda hiyo kwa maswali ya fedha, kwa sababu mwalimu wa hesabu hataki wenzake waone amekosea hesabu. Ila ukishamaliza, kumbuka kuirudisha iwe Everyone, la sivyo watu watashangaa hawaoni ujumbe wa wenzao.

Kipande cha tatu, kuchelewa kulipa, hakihitaji hesabu. Wape mkasa mfupi wa mwanachama ambaye mshahara wake umechelewa, na hatua tatu anazoweza kuchukua, wachague. Dakika tano zimetosha.

Maswali yao usiyaweke mwisho kabisa. Mwisho ndipo watu huondoka, na anayebaki ni yule mwenye malalamiko yake binafsi ambayo hayawahusu wengine. Yaweke baada ya kipande cha pili, na yaombe kwa maandishi: "Andika swali moja ambalo ungemuuliza afisa mikopo kabla ya kumdhamini mtu." Msaidizi achague manne, asome jina na swali, wewe ujibu. Unayetaka azungumze kwa sauti mtaje kwa jina kabla ya swali, tena mpe taarifa mapema: "Mwalimu wa Gairo aliyeuliza kuhusu kumdhamini mke wake, jiandae, baada ya hili nitakufungulia uzungumze." Anapata muda wa kutafuta kile kitufe, na hakuna anayegongana naye.

Nimemtaja msaidizi mara mbili. Bila yeye mpango huu haufanyiki. Ukiwa umefungua slaidi huoni ujumbe vizuri, na kama unatumia simu huoni kabisa. Kama akaunti ni ya kulipia mpe cheo cha Co-host, yeye apokee waliochelewa, ahesabu majibu na kukuambia. Mkubaliane awe anasema kwa sauti, asikutumie ujumbe wa siri ambao hutausoma.

Sasa vifaa, na hapa kuna mipaka ya kweli. Akaunti ya bure ya Zoom hukatisha kikao kwenye dakika 40, na kura za ndani, Polls, ni za akaunti ya kulipia. Kama chama hakilipii, usihangaike: herufi A, B au C kwenye Chat inafanya kazi ile ile, ila somo libane liwe la dakika 35. Kura za WhatsApp nisingezitumia kwa swali la riba, kwa kuwa kila mtu anaona nani amepigia nini tangu kura ya kwanza. Alama za dole gumba na za makofi nazo hazifai kuhesabia, zinatoweka baada ya sekunde chache. Mkono wa Raise Hand ndio hubaki mpaka ushushwe.

Vyumba vidogo, Breakout Rooms, ndivyo kila mtu atakavyokushauri, na hapa ndipo ilipo ile sababu ya kuweka hesabu mahali pa majadiliano. Kwa watu 60 wengi wao wakiwa kwenye simu na mtandao wa vijijini, mimi nisingevitumia. Kuhama chumba ni kama kuunganishwa upya, na wenye mtandao dhaifu huangukia njiani. Wengine hawaoni ile taarifa ya kujiunga. Utakuta chumba kimoja kina watu watano na kingine kina mmoja anayejisemea. Siku ukiwa na watu 15 wote kwenye kompyuta za ofisini, vitumie, mpe kila chumba swali moja na dakika tano zilizotajwa.

Waambie pia mwanzoni kwamba kuzima video ni ruhusa. Sauti peke yake kwenye Zoom hutumia kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, yaani kwa saa nzima haifiki megabaiti 40, wakati video ya kundi hutumia mara nyingi zaidi ya hapo. Mwalimu aliyezima video lakini amejibu maswali yote matatu yupo somoni kuliko aliyeiwasha na kwenda jikoni. Kwa ajili ya hao wa sauti tu, kila tarakimu iliyo kwenye slaidi itamke.

Slaidi zenyewe zitabaki kama kumi. Kila moja ifungue kwenye simu yako, uishike umbali wa mkono ulionyooka. Jedwali la marejesho ya miezi 12 halitasomeka. Onyesha mwezi wa 1, wa 5 na wa 12 basi, jedwali zima liwe kwenye zile kurasa mbili.

Kabla ya hayo yote, dakika mbili za mwanzo zitumie kwa swali lisilo na kosa: "Andika wilaya yako kwenye Chat." Hapo ndipo utajua nani hakipati kitufe, na msaidizi amwelekeze kabla swali la riba halijafika.

Utajuaje kama imefanya kazi? Usihesabu waliobaki mwishoni, maana simu inaweza kubaki imeunganishwa huku mwenyewe yuko shambani. Mwambie msaidizi aandike, kwa kila swali, walikuwepo wangapi na wamejibu wangapi. Tuseme swali la wilaya walijibu 55 kati ya 60, la riba 48, la udhamini 29. Kushuka kule kutoka 48 hadi 29 kunakuonyesha mahali pa kutengeneza: ama maelezo ya riba yalirefuka, ama swali la udhamini lilikuwa na tarakimu nyingi kupita kiasi kwa mtu anayesikiliza bila kuona. Ukisoma majibu utatofautisha. Wengi wakiwa wameandika 300,000, walielewa habari ya akiba wakasahau kugawa kwa wawili. Wakiandika 600,000, hawajaelewa kwamba akiba hukatwa kwanza. Waliobaki kimya kabisa ulishawapoteza kabla ya swali.

Hifadhi ujumbe wote kabla ya kufunga kikao. Zoom huutoa kama faili la maandishi. Majibu yaliyokosewa kuhusu udhamini ndiyo ya kufanyia kazi wiki ile ile, kwa ujumbe mfupi wa sauti wa dakika mbili kwenye kundi, ukirudia mfano wa 600,000 hatua kwa hatua, kabla fomu mpya za wadhamini hazijaanza kufika mezani kwako.